Umri wa Mzigo Dukani: Jinsi ya Kuibaini Bidhaa Inayododa

Ripoti ya umri wa mzigo ni jedwali linaloonyesha kila bidhaa iliyobaki dukani au stoo imekaa siku ngapi tangu ilipopokelewa, na ni fedha kiasi gani zimelala humo. Hesabu ya kawaida ya mali hutaja idadi na thamani peke yake. Kwa hiyo vitasa 46 vilivyoingia wiki iliyopita na vitasa 46 vilivyokaa tangu mwaka jana huonekana sawa kwenye daftari, ingawa vya kwanza ni biashara na vya pili vimeshadoda.

Wauzaji wengi huipima kasi ya bidhaa kwa tarehe ya mauzo ya mwisho. Kipimo hicho hudanganya. Kitasa kimoja kikiuzwa jana, bidhaa nzima huonekana hai hata kama vingine kadhaa nyuma yake havijaguswa kwa miezi. Ripoti ya umri huepuka kosa hilo kwa kuangalia kilichobaki, si kilichoondoka.

Njia ya kuiandaa ni rahisi. Kwanza mzigo uliopo huhesabiwa kwa mkono. Kisha ankara za manunuzi hupitiwa kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, na idadi ya kila ankara hutolewa kwenye mzigo uliohesabiwa hadi wote upate tarehe. Dhana iliyopo ni kwamba kilichoingia kwanza ndicho kilichouzwa kwanza, hivyo kilichobaki kimetoka kwenye manunuzi ya mwisho.

Mfano wa kubuni wa duka la vifaa vya ujenzi unaonyesha hesabu hiyo. Tarehe 30 Juni, vitasa vya mlango vya aina moja vimehesabiwa 46, kila kimoja kimenunuliwa kwa shilingi 18,000. Ankara zinaonyesha vitasa 10 viliingia tarehe 12 Juni, 15 tarehe 20 Aprili, 12 tarehe 8 Februari, na 24 tarehe 5 Oktoba ya mwaka uliotangulia, wakati rafu ilikuwa tupu. Ankara tatu za mwanzo zinabeba vitasa 37. Tisa vilivyosalia ni vya Oktoba. Umri wa kila fungu ni tarehe ya ripoti kutoa tarehe ya kupokea. Kwenye Excel, kama tarehe ya ripoti iko F1 na ya kupokea iko B2, fomula ni hii:

```
=$F$1-B2
```

Jibu ni siku 18 kwa fungu la Juni, 71 kwa la Aprili, 142 kwa la Februari na 268 kwa la Oktoba. Kwa fedha, shilingi 180,000 ziko kwenye kundi la siku 0 hadi 30, shilingi 270,000 kwenye siku 31 hadi 90, shilingi 216,000 kwenye siku 91 hadi 180, na shilingi 162,000 zimevuka siku 180.

Hapo ndipo ripoti inapofichua chanzo. Tangu Oktoba vimenunuliwa vitasa 61 na vimeuzwa 15 tu. Kwa mwendo huo, vilivyobaki vitahitaji zaidi ya miaka miwili kwisha. Hata hivyo duka liliagiza vingine mwezi huohuo wa Juni. Tatizo kubwa hapa ni uagizaji uliofanyika bila kutazama stoo, na kupunguza bei peke yake hakutaliponya.

Kila kundi la umri lina hatua yake. Mzigo wa siku 0 hadi 30 hauhitaji kuguswa bei. Kinachotakiwa ni kuupanga nyuma ya mzigo wa zamani ili wa zamani utoke kwanza. Kundi la siku 31 hadi 90 ni la kupima: idadi iliyobaki hugawanywa kwa wastani wa mauzo ya mwezi, na ikizidi miezi mitatu, oda inayofuata hupunguzwa au kusogezwa mbele.

Mzigo wa siku 91 hadi 180 husimamishiwa oda kabisa, hata kama baadhi yake ni mpya. Hii ndiyo sababu hatua hufuata fungu kongwe zaidi la bidhaa, si fungu jipya. Wakati huo bidhaa huhamishiwa mahali inapoonekana au kwenye tawi ambako inauzika, msambazaji huombwa aibadilishe kwa nyingine, na vitasa vinaweza kuuzwa pamoja na bawaba kwa bei moja.

Mzigo uliopita siku 180 hupunguzwa bei kwa muda uliowekwa mwisho, na ukibaki huuzwa kwa jumla kwa mafundi. Hasara ya wazi huwatisha wenye maduka, lakini inahesabika. Vitasa tisa vikiuzwa kwa shilingi 15,000 kila kimoja, hasara ni shilingi 27,000 na fedha taslimu zinazorudi ni shilingi 135,000. Fedha hizo zikiwekwa kwenye bidhaa yenye faida ya asilimia 5 kwa mwezi, huzaa shilingi 6,750 kila mwezi na kufidia hasara yote kwa miezi minne. Katika vitabu pia mzigo huo haubaki na thamani ya zamani: kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka mali ya kuuza iandikwe kwa kiasi kidogo kati ya gharama yake na kile kinachotarajiwa kupatikana baada ya kutoa gharama za kuiuza.

Bidhaa za kushughulikiwa kwanza hupangwa kwa thamani iliyomo kwenye kundi kongwe, si kwa siku peke yake. Boksi la washa lenye umri wa mwaka mmoja na thamani ya shilingi 8,000 linaweza kungoja. Vitasa vya shilingi 162,000 haviwezi.

Mipaka ya makundi nayo hufuata asili ya bidhaa. Saruji hunyonya unyevu na kupoteza nguvu ikikaa, kwa hiyo siku 90 kwake tayari ni uzee, na mipaka ya siku 15, 30 na 60 inafaa zaidi. Kwa upande mwingine, kifaa cha akiba kinachohitajika mara chache huwekwa kwenye orodha ya pekee ili kisiuzwe kwa hasara bure.

Ripoti hupotoshwa na tarehe mbovu. Mzigo uliorudishwa na mteja au kuhamishwa kutoka tawi jingine ukiandikwa kama uliopokelewa leo, umri wake huanza upya. Duka linapobadili mfumo wa kompyuta, mali yote ya kuanzia huweza kupewa tarehe moja. Dalili ni bidhaa nyingi zisizohusiana kuwa na umri uleule. Tena, dhana ya cha kwanza kuingia kuwa cha kwanza kutoka huvunjika pale mzigo mpya unapopangwa mbele. Karatasi husema umri mdogo huku nyuma ya rafu kukiwa na maboksi ya kale zaidi. Kwa rangi, gundi na saruji, dawa yake ni kusoma tarehe iliyochapwa kwenye kopo au mfuko na kuilinganisha na ripoti. Zikitofautiana, tarehe ya kwenye kopo ndiyo inayofuatwa.