Alama 89 kwa Tafsiri Inayobomoa Mlima

Kwenye miteremko ya Uluguru, shamba la mahindi lisilo na matuta halipiti masika mengi likiwa na udongo wake. Mvua huukokota hadi mitoni, na sehemu yake huishia katika Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Kwa hiyo bwana shamba yeyote wa huko anaweza kumwambia mkulima hivi: "Usipande mahindi kwenye mteremko kabla ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo."

Tuseme ushauri huo umeandikwa kwa Kiingereza, na kompyuta imepewa kazi ya kuutafsiri ili utumwe kwa wakulima kwa ujumbe wa simu. Mfumo wa kwanza unaandika: "Upande mahindi kwenye mteremko kabla ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo." Mfumo wa pili unaandika: "Mkulima achimbe kwanza matuta ya kukinga ardhi, ndipo apande mahindi mlimani." Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini kosa lililo katika tafsiri ya kwanza ni la aina inayotokea kweli. Herufi mbili, "si", zimeanguka, na katazo limegeuka kuwa agizo. Tafsiri ya pili imepanga maneno kwa namna yake, lakini mkulima akiifuata udongo wake utabaki shambani.

Swali ni hili: kipimo kinachotumika zaidi duniani kupima tafsiri za kompyuta kingeupa ushindi mfumo upi?

Kipimo hicho kinaitwa BLEU. Kilitolewa mwaka 2002 na Kishore Papineni na wenzake watatu wa kampuni ya IBM, wakati ambapo kuwalipa watu wasome kila toleo jipya la mfumo kulikuwa ghali na kulichukua muda mrefu. Hesabu yake inaeleweka. Unachukua tafsiri iliyofanywa na binadamu, iitwayo rejea, kisha unahesabu ni maneno mangapi ya kompyuta yanapatikana humo. Baadaye unahesabu jozi za maneno yanayofuatana, halafu mfuatano wa maneno matatu, halafu wa manne. Unapata sehemu nne, unazizidisha, na unatafuta kipeo cha nne cha jibu. Tafsiri iliyo fupi kuliko rejea hukatwa alama, ili mfumo usijipatie ushindi kwa kuandika maneno machache yenye uhakika.

Tuufanyie hesabu mfumo wa kwanza, tukiacha alama za uandishi na kuchukua sentensi ya bwana shamba kuwa rejea. Sentensi zote mbili zina maneno 11, hivyo hakuna adhabu ya ufupi. Maneno 10 kati ya 11 yanalingana. Jozi 9 kati ya 10 zinalingana, na vivyo hivyo mifuatano 8 kati ya 9 ya maneno matatu, na 7 kati ya 8 ya maneno manne. Ukizidisha sehemu hizo unapata 7/11, yaani karibu 0.636. Kipeo chake cha nne ni 0.893. Kwa desturi huandikwa kwa mia: BLEU 89.

Mfumo wa pili nao una maneno 11. Yanayolingana na rejea ni matatu tu: "matuta", "ya" na "mahindi". Jozi inayolingana ni moja, "matuta ya". Mfuatano wa maneno matatu unaolingana haupo, wala wa manne. Kwa kuwa sehemu hizi huzidishwa, sifuri moja inaimeza hesabu yote. Mfumo unaomwokoa mkulima unapata sifuri, na unaomharibia shamba unapata 89.

Mtetezi wa BLEU atasema kwamba kipimo hiki hakikuundwa kwa ajili ya sentensi moja moja, na hapo yuko sahihi. Waasisi wake walikusudia kihesabiwe juu ya mkusanyiko mzima, ambamo sentensi nyingi hufidiana. Mkusanyiko wa FLORES-200, ambao watafiti wengi hupimia Kiswahili, una sentensi 1012 katika sehemu yake ya majaribio. Kwa wingi huo, sifuri za aina ya mfumo wa pili hupungua makali. Lakini wingi huohuo unaificha hatari. Mfumo ukidondosha "si" katika sentensi kumi kati ya hizo 1012, alama ya jumla haitikisiki kiasi cha mtu kugundua, na makatazo kumi yatakuwa yamegeuka maagizo.

Kiswahili kinaathirika kwa namna yake, kwa sababu mambo mengi mazito ya sentensi zetu yamo ndani ya kitenzi. Ukanushi, wakati, mtenda na mtendwa vyote hukaa katika silabi chache zilizoshikamana na mzizi. BLEU huliona neno kama kitu kizima: ama limelingana ama halikulingana. "Walipanda" ikiandikwa mahali pa "wamepanda" hupoteza alama sawasawa na neno lisilohusika kabisa.

Kwa ajili ya kasoro hiyo Maja Popović alipendekeza mwaka 2015 kipimo kiitwacho chrF, kinacholinganisha mifuatano ya herufi, kuanzia herufi moja hadi sita. Kwa lugha zenye vitenzi virefu hiki ni bora kuliko BLEU, na napenda kukiona katika kila ripoti ya Kiswahili. "Walipanda" na "wamepanda" sasa zinapata alama kwa kile zinachoshirikiana. Hata hivyo, kirudishe kwenye mfano wetu. "Usipande" na "Upande" hutofautiana kwa herufi mbili tu katika sentensi yenye herufi 64, kwa hiyo chrF ya mfumo wa kwanza hupanda hadi takribani 96. Dawa ya ugonjwa mmoja imeuzidisha mwingine. Kadiri kipimo kinavyosamehe tofauti ndogo za maumbo, ndivyo kinavyousamehe ukanushi uliopotea.

Wasomaji wanaofuatilia modeli kubwa za lugha watakutana na kipimo kingine, perpleksiti. Kilianzishwa mwaka 1977 na Frederick Jelinek na wenzake wa IBM kwa ajili ya kompyuta za kutambua usemi. Hiki hakihitaji rejea. Modeli husomeshwa maandishi, kisha huonyeshwa sentensi isiyoijua, kipande kwa kipande, na katika kila hatua inaulizwa ilikipa kipande kilichofuata nafasi kiasi gani.

Chukua sentensi "Mvua za masika zimeanza", na tarakimu nilizozichagua ziwe rahisi kufuatwa. Modeli inaipa "Mvua" nafasi ya 1/2, "za" 1/4, "masika" 1/8 na "zimeanza" 1/4. Zidisha: 1/256. Kipeo cha nne ni 1/4, na perpleksiti ni kinyume chake, yaani 4. Maana yake, kwa wastani modeli ilikuwa na mashaka kama ya mtu anayebahatisha kati ya maneno manne yenye nafasi sawa. Alama ndogo ni bora.

Lakini modeli za leo hazisomi maneno mazima. Hukata maandishi kuwa vipande, na kila modeli ina mkato wake. Modeli nyingine inaweza kuikata sentensi hiyohiyo hivi: Mvu, a, za, mas, ika, zi, me, anza. Vipande vimekuwa vinane. Tuseme imeipa sentensi nzima nafasi ileile ya 1/256. Sasa tunatafuta kipeo cha nane badala ya cha nne, na perpleksiti inakuwa 2. Modeli hizi mbili zinaijua sentensi kwa kiwango kimoja, lakini jedwali litaonyesha kwamba ya pili ni bora maradufu. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake hukatwa vipande vingi, kosa hili hutokea kwa urahisi. Dawa yake ipo: gawa jumla ya biti kwa idadi ya herufi badala ya vipande. Hapa jumla ni biti 8 kwa modeli zote mbili, na sentensi ina herufi 23 pamoja na nafasi, hivyo zote zinapata karibu 0.35. Ukiona ripoti inalinganisha perpleksiti za modeli zenye mikato tofauti bila kufanya hivyo, usiiamini.

Hata ikihesabiwa vizuri, perpleksiti hupima mazoea ya maandishi tu. Haijui kama mahindi yatapandwa kabla au baada ya matuta. Zaidi ya hayo, "upande" ni neno linalojaa kila mahali katika Kiswahili kwa maana yake nyingine, ya kulia na kushoto, hivyo modeli inaweza kabisa kuiona sentensi potovu kuwa rahisi kuliko sahihi. Na Kiswahili cha mkulima wa Mgeta, chenye majina ya mahali na msamiati wa Kiluguru, kitapata perpleksiti kubwa mbele ya modeli iliyolelewa na magazeti, ingawa hakina kosa lolote.

Basi apimaye afanye nini? Kwanza, asizitupe namba hizi. Zinafaa kulinganisha matoleo mawili ya mfumo mmoja kwa maandishi yaleyale, na kuanguka ghafla kwa alama ni dalili ya kweli kwamba kitu kimevunjika. BLEU na chrF ziripotiwe kwa programu moja, ili hesabu ya mtu mmoja ilingane na ya mwingine. Inayotumika sana ni ya Matt Post, ya mwaka 2018:

```
sacrebleu rejea.txt -i tafsiri.txt -m bleu chrf
```

Pili, atunge jaribio la ukanushi. Achukue sentensi mia mbili zenye makatazo, vipimo na mpangilio wa kazi, za kilimo au za dawa, na kwa kila tafsiri ajibu swali moja tu: mtu akiifuata, atafanya linalotakiwa au kinyume chake? Hapo hakuna nusu alama. Mfumo wetu wa kwanza ungeanguka papo hapo.

Tatu, wasomaji wawe wa mahali tafsiri inakokwenda. Katika Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 upinzani ukalipuka. Ujumbe unaoagiza matuta kwa sauti ya amri unaweza kuwa sahihi kwa kila neno na bado ukasomwa vibaya na mzee wa Matombo. Hilo ataligundua yeye, na hakuna hesabu ya mifuatano ya maneno itakayoligundua kwa niaba yake.

Anayenunua au kufadhili mfumo wa kuwaandikia wakulima, wagonjwa au wazazi kwa Kiswahili, akiletewa jedwali la BLEU aombe pia jedwali la makatazo: yalikuwa mangapi, na mangapi yamegeuka maagizo. Muuzaji asiye na jibu bado hajaupima mfumo wake.