Mifuko 600 Kwenye Karatasi, Mingapi Stoo?

Mifuko 600 ya saruji ina uzito wa tani 30. Mzigo huo haubebwi kwa safari moja na lori aina ya Fuso, ambalo kwa kawaida hubeba takriban theluthi yake. Kwa hiyo mkaguzi wa ndani wa halmashauri anapofungua faili la malipo ya ujenzi wa madarasa, akakuta hati ya kupokelea vifaa inasema mifuko 600 ilishushwa siku moja, na gari lililoandikwa ni Fuso moja, anajua pa kuanzia. Anaomba daftari la mlinzi wa getini. Linaonyesha kwamba gari hilo liliingia mara mbili siku hiyo, na halikurudi tena wiki nzima.

Shule hii ni ya mfano, lakini kasoro zake ni za kweli. Nchini Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara vifaa vilivyolipiwa na havikufika vyote, na vingine vilivyofika ila havikuingizwa kwenye leja. Tangu miradi mingi ya madarasa na zahanati ianze kujengwa kwa mafundi wa kijamii badala ya makandarasi, stoo za saruji, nondo na mabati zimehamia shuleni na vijijini. Huko mtunza stoo mara nyingi ni mwalimu aliyeongezewa kazi, na kamati ya mapokezi ni wananchi wanaosaini hati za namna hiyo kwa mara ya kwanza maishani.

Wengi hudhani kukagua stoo ni kuhesabu kilichomo na kulinganisha na leja. Kuhesabu ni lazima, ila hakutoshi. Mali inaweza kupotea kabla haijaingia stoo, inaweza kutoka kwa vocha iliyosainiwa vizuri, na inaweza kutoka usiku bila karatasi yoyote. Kila upotevu una mahali pake pa kuonekana, ndiyo maana mkaguzi hupita kote kutatu: kwenye mapokezi, kwenye utoaji na kwenye funguo.

Mapokezi ndiyo huanza. Hati ya kupokelea vifaa, ambayo wahasibu wengi huiita GRN na ambayo watumishi wa serikali ya Kenya wanaijua kwa namba ya fomu, S13, ni kauli ya mnunuzi mwenyewe kwamba amepokea kitu fulani, kiasi fulani, tarehe fulani. Mhasibu halipi mpaka aone mambo matatu yanakubaliana: oda ilisema nini, hati ya mapokezi inasema nini, na ankara ya muuzaji inadai nini. Katika faili letu, zote tatu zinasema 600. Ukiishia hapo, malipo ni safi kabisa.

Tatizo ni kwamba hati ya mapokezi haikuandikwa getini. Iliandikwa ofisini, kwa kunakili hati ya muuzaji. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na kadiri siku hiyo inavyokaribia, shinikizo la kukamilisha malipo huongezeka. Muuzaji analeta mifuko 400 na kuahidi kwamba 200 iliyobaki itakuja wiki ijayo. Kamati inaombwa isaini yote ili fedha zisirudi hazina. Wanakamati wanasaini bila nia ya kuiba. Lakini tangu saa hiyo muuzaji hana deni lolote kwa mujibu wa karatasi, na shule haina pa kudai.

Mkaguzi anayejua kazi yake hutafuta dalili ndogondogo. Je, tarehe ya mapokezi ni ileile ya ankara, au hata kabla ya oda? Je, sahihi tatu za kamati zimewekwa na watu watatu, na walikuwepo siku hiyo? Je, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu tu, au kwa maneno pia? Je, nafasi tupu chini ya mstari wa mwisho imepigwa mstari, isije ikaongezwa bidhaa baadaye? Kisha huitafuta karatasi ambayo mtunza stoo hakuiandika: daftari la geti, hati ya dereva, risiti ya mizani kama gari lilipita huko. Karatasi iliyoandikwa na mtu asiyehusika na malipo ndiyo yenye uzito.

Funzo hili lina historia. Mwaka 1938 nchini Marekani, kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins iligundulika kuwa na mali hewa ya takriban dola milioni 19 kati ya mali yote ya dola milioni 87 iliyotajwa kwenye hesabu zake. Sehemu kubwa ilikuwa shehena za dawa ghafi zilizodaiwa kuhifadhiwa kwenye maghala Kanada. Oda, ankara na kumbukumbu za maghala zilikuwapo, bidhaa hazikuwapo. Wakaguzi walikuwa wamepitia karatasi bila kwenda kuona mzigo, jambo ambalo taratibu za wakati ule hazikuwalazimisha kulifanya. Mwaka uliofuata chama cha wahasibu cha Marekani kilibadilisha taratibu hizo, na kuhudhuria uhesabuji wa bidhaa kukawa sehemu ya kawaida ya ukaguzi.

Turudi shuleni, sasa kwenye leja. Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya Tanzania ya mwaka 2009, katika Agizo la 54(3), inataka kila aina ya kifaa iwe na ukurasa wake unaoonyesha kilichopokelewa, kilichotolewa na kilichobaki. Ukurasa wa saruji unasema: imeingia mifuko 600, imetoka 310, imebaki 290. Mkaguzi anaingia stoo na mtunza stoo, wanahesabu pamoja. Wanakuta mifuko 84 mizima. Kwenye kona, chini ya dirisha linalovuja, kuna minne iliyoganda kuwa mawe.

Pengo kati ya leja na mifuko mizima ni 206. Mkaguzi asiye makini ataandika “upungufu wa mifuko 206” na kumtupia mzigo mtunza stoo. Mkaguzi makini huligawa pengo hilo. Mifuko 200 haikufika kamwe, kama geti linavyoonyesha. Minne ipo, ila imeharibika kwa unyevu kwa sababu ilipangwa sakafuni bila chaga na ikiegemea ukuta, na hakuna aliyeomba ifutwe kwenye vitabu. Inabaki miwili isiyo na maelezo. Mambo matatu tofauti, na wahusika watatu tofauti.

Lakini kuna upotevu mwingine ambao hesabu hiyo haikuugusa kabisa. Uko ndani ya ile mifuko 310 iliyotoka.

Hati ya kutolea vifaa, ambayo Kenya ni fomu S11, inapaswa kupita mikono minne: fundi anaomba, msimamizi wa mradi anaidhinisha, mtunza stoo anatoa, na anayechukua anasaini kwamba amepokea. Vocha moja ya shule hii inasema mifuko 60 ilitolewa kwa kufyatua matofali. Sahihi zipo, tarehe ipo, namba ya vocha inafuata iliyotangulia. Leja imepunguzwa 60. Kwa karatasi hakuna dosari.

Hapo mkaguzi anatoka nje kwenda kutazama matofali. Makadirio ya mhandisi wa mradi huu yalikuwa matofali 30 kwa mfuko, kwa hiyo mifuko 60 ingetoa 1,800. Anahesabu yaliyopangwa kivulini, anapima kuta zilizokwisha kujengwa, na anapata 1,200 kwa jumla. Yamepungua 600, sawa na mifuko 20. Mengine yanaweza kuwa yalivunjika, lakini theluthi nzima haivunjiki bila kuacha rundo la vipande, na rundo halipo. Mifuko hiyo ilitoka mlangoni kihalali na haikufika kwenye mashine ya kufyatulia.

Ndiyo sababu vocha haikaguliwi kwa sahihi peke yake. Hulinganishwa na kazi iliyofanyika: saruji na matofali, nondo na nguzo, mabati na ukubwa wa paa. Pia hukaguliwa kama kitabu kizima. Karatasi iliyokosekana katikati ya namba zinazofuatana inahitaji maelezo, na vocha iliyokosewa hubaki kitabuni ikiwa imefutwa kwa mistari, haichanwi. Vocha za mwezi mzima zenye kalamu ileile na mwandiko uleule, bila mkunjo wala doa la vumbi, huashiria kwamba ziliandikwa kwa siku moja ili kuilinganisha leja na kilichobaki.

Inabaki ile mifuko miwili, na jibu lake liko kwenye kufuli. Kufuli jipya huuzwa na funguo zaidi ya mmoja. Hili lilikuja na tatu. Mmoja uko kwa mtunza stoo, wa pili kwa mkuu wa shule. Wa tatu alipewa fundi mkuu asichelewe kuanza kazi asubuhi. Hakuna daftari la funguo, na mlinzi wa usiku haandiki anayefungua stoo. Mtunza stoo akiulizwa kuhusu mifuko miwili, anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba si yeye peke yake aliyeingia. Funguo zikiwa kwa watu watatu, hakuna anayeweza kubanwa, hata kama upungufu ungekuwa wa mifuko mia.

Dawa yake si ghali. Mlango hufungwa kwa makufuli mawili, kila moja na mshika funguo wake, ili stoo isifunguliwe na mtu mmoja. Funguo za akiba hutiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ikahifadhiwa nje ya shule, tuseme kwa mtendaji wa kata. Mtunza stoo akihamishwa, stoo huhesabiwa mbele ya anayeondoka na anayeingia, na makufuli hubadilishwa siku hiyohiyo. Kwenye shule ndogo ambako mwalimu mmoja anatunza vifaa na pia anaandika leja, kamati ya ujenzi inaweza kuhesabu vifaa vichache kila wiki bila kutoa taarifa mapema.

Ripoti ya mkaguzi sasa inaweza kuandikwa kwa usahihi. Hati ya mapokezi ya mifuko 600 ifutwe na ibaki kwenye faili, iandikwe mpya ya 400, na muuzaji adaiwe kwa barua alete 200 au arudishe fedha. Mifuko minne iombewe kibali cha kufutwa. Mtunza stoo, mkuu wa shule na fundi mkuu waandike maelezo kuhusu miwili. Kuhusu ile 20 ya matofali, ukaguzi una mpaka wake: unaweza kuthibitisha kwamba ilitoka stoo na haikufika kwenye kazi, ila hauwezi kusema ilikokwenda. Hapo faili lenye vocha, hesabu ya matofali na vipimo vya kuta hukabidhiwa kwa TAKUKURU, wenye mamlaka ya kuhoji na kupekua.