Usaili wa Mahojiano: Namna ya Kuhakiki Jibu la "Tueleze Kuhusu Wewe"

Katika usaili wa mahojiano wa nafasi za utumishi wa umma, msailiwa huweza kuanza kwa kutakiwa aeleze kwa ufupi kuhusu yeye mwenyewe. Wengi hulikariri jibu la swali hilo nyumbani, lakini wachache hulihakiki.

Tuchukulie mfano wa kijana wa Usa River, wilayani Arumeru, anayeomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Jibu alilojiandalia ni hili: "Nimezaliwa Usa River, ni mtoto wa tatu kati ya sita. Baba analima kahawa, mama anauza ndizi soko la Tengeru. Nimesoma shule ya msingi na sekondari hapahapa, kisha chuo. Napenda kwaya na mpira. Pia nilijitolea masjala, nikafanya kazi mbalimbali. Mimi ni mchapakazi."

Hatua ya kwanza ni kujirekodi kwa simu na kusikiliza ni wapi kazi inayoombwa inatajwa kwa mara ya kwanza. Hapa masjala inakuja karibu na mwisho. Jopo likimkatiza kabla ya hapo, litakuwa limesikia habari za familia, masomo na mambo anayoyapenda tu.

Hatua ya pili ni kuipima kila sentensi kwa swali moja: je, inamsaidia msaili kujua kama mwombaji ataimudu kazi hii? Mahali alipozaliwa na shule alizosoma tayari vimo katika vyeti vyake. Shughuli za wazazi na kwaya hazihusiani na utunzaji wa majalada. Sentensi hizo zifutwe, na elimu ya chuo ibaki kwa sentensi moja.

Hatua ya tatu ni kutafuta ushahidi. "Kazi mbalimbali" na "mchapakazi" ni maneno ambayo kila msailiwa anaweza kuyasema. Mwombaji ajiulize alikuta hali gani, alifanya nini na kilibadilika nini. Kijana huyu akijiuliza hivyo, jibu lake linaweza kuwa hili:

"Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nilijitolea miezi 8 katika masjala ambayo majalada yalikuwa yakitoka bila kuandikwa. Nilianza kusajili kila jalada linapotoka na kulinganisha rejista na kabati kila Ijumaa. Nilipoanza, majalada 40 hayakujulikana yalipo. Nilipoondoka yalikuwa yamebaki 6."

Jibu hili halifiki dakika moja, na msaili hahitaji kuambiwa kuwa kijana huyu ni mchapakazi.

Hata hivyo, takwimu ziwe za kweli, kwani msaili anaweza kuuliza majalada hayo 6 yaliishia wapi. Asiye na takwimu ataje kitu kinachoonekana, kwa mfano rejista aliyoianzisha ambayo bado inatumika. Mwisho, akumbuke hoja na mtiririko wake badala ya kukariri neno kwa neno, kwa sababu aliyekariri akisahau neno moja hupoteza jibu lote.