Kampuni ya kubeti ikifa, salio lako linakwenda wapi?

MACHI 2021, Nottingham Forest na QPR zilikuwa uwanjani na jezi zenye nembo ya Football Index kifuani. Ndani ya wiki moja tu, kampuni hiyo ya kubeti ya Uingereza ikadondoka kama beki aliyepigwa chenga.

Kule shabiki hakuweka mkeka wa kawaida. Alinunua 'hisa' za mchezaji, ambazo kisheria zilikuwa beti ya miaka mitatu. Mchezaji aking'ara, mwenye hisa analipwa gawio. Kampuni ilipotangaza kulipunguza kutoka peni 14 hadi 3, bei za hisa ziliporomoka. Siku chache baadaye ilifunga shughuli na leseni ikasimamishwa.

Hapo ndipo watu walijua fedha yao ilikaa mifuko miwili tofauti. Chukua mfano wa shabiki mwenye pauni 1,000 kwenye simu: 100 hajazitumia, 900 ameshanunulia hisa. Zile 100 ni salio, na zilihifadhiwa kwenye akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na wenye salio wakafunguliwa njia ya kulipwa kutoka kwenye akaunti hiyo. Zile 900? Hizo zilishakuwa beti. Akaunti ya amana haikuzigusa, na mwenye nazo akabaki kudai kampuni isiyo na kitu. Fedha iliyokwama kwenye hisa ilikadiriwa kufika pauni milioni 90.

Kutenganisha fedha kunasaidia, lakini nako kuna viwango. Uingereza inaitaka kila kampuni ya mtandaoni iweke fedha za wateja kwenye akaunti ya benki ya peke yake, halafu imweleze mteja kiwango cha ulinzi: hakuna, cha kati au cha juu. Wengi wanapigwa hapa. Akaunti tofauti peke yake haitoshi, maana kampuni ikifilisika, fedha hiyo inaweza kuhesabiwa mali yake, na mteja anapanga foleni na benki, wafanyakazi na wadai wengine. Kiwango cha juu ni pale fedha inapokuwa chini ya amana ya kisheria, na mtu wa nje ya kampuni anaikagua. Wadai hawaifikii.

Maelezo hayo hukaa kwenye vigezo na masharti, ile sehemu ambayo kila mtu anabonyeza 'nakubali' akiwahi mechi. Neno la kutafuta ni 'ufilisi'. Kama imeandikwa kwamba fedha ya mteja haina ulinzi kampuni ikifilisika, basi salio la wiki nzima lililoachwa humo ni mkopo kwa kampuni, tena bila riba. Na hata penye ulinzi wa juu, kinacholindwa ni kile kilichobaki kwenye akaunti. Ukishabonyeza kununua, uko nje ya uzio.