Mwenzako amekwisha kufanya sehemu yake

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi jijini Dar es Salaam ameniletea swali. Bodi ya Mikopo ilimlipia sehemu tu ya ada. Ili kulipa iliyobaki, baba yake aliuza kiwanja Chanika, na mama akakopa kwenye vikoba. Kijana anasoma kweli. Usiku anakokotoa maswali yote ya hesabu za uhandisi na kuwaelekeza wenzake. Akiingia kwenye chumba cha mtihani, anaandika mstari mmoja, anaufuta, anauandika tena, hadi muda unamwishia. Muhula uliopita alipata sapu mbili, huku wale aliowaelekeza wakifaulu. Anauliza: “Mbona nasahau wakati nimesoma?”

Jibu ni kwamba hajasahau. Alichokipoteza ni nafasi ya kufanyia kazi, na nafasi hiyo imejazwa na kiwanja cha Chanika.

Nitaruka historia ndefu ya utafiti kuhusu watu wanaotaka kila kitu kiwe kamilifu, ila jambo moja siwezi kuliacha. Mwaka 1991 Paul Hewitt na Gordon Flett, wanasaikolojia wa Kanada, waliigawa hali hiyo mafungu matatu: anayejidai ukamilifu mwenyewe, anayeudai kwa wengine, na anayeamini kwamba wengine wanaudai kwake. Fungu la tatu ndilo linaloandamana zaidi na hofu na huzuni. Nalo hupimwa kwa imani ya mhusika, wala si kwa maneno ambayo mzazi ameyasema. Baba wa kijana huyu huenda hajawahi kutamka neno “A”. Kuuza kiwanja kumetosha kumsemea.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Kuna sehemu ya utendaji wa ubongo ambayo Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974, inayoshika vitu vichache kwa sekunde chache huku ikivishughulikia. Vitabu vyetu vingi huiita kumbukumbu ya muda mfupi, jina linaloifanya ionekane kama ghala linalovuja. Mimi naiita kumbukumbu tendaji, kwa kuwa kazi yake ni kutenda.

Mfikirie fundi simu wa Kariakoo. Nyuma yake kuna droo zimejaa vioo, betri na mikanda ya chaji, na hizo ndizo kumbukumbu za kudumu, yaani yote uliyosoma tangu darasa la kwanza. Lakini simu haifunguliwi ndani ya droo. Inafunguliwa juu ya kimeza kidogo chenye nafasi ya vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Fundi hodari anapanga skrubu kwa mpangilio wa kuzirudisha, anafuata njia ya umeme kwenye saketi, anapata sehemu iliyoungua na kuitengeneza hiyo tu. Fundi asiye hodari hana mpangilio huo. Anabadilisha kifaa kizima na kuomba kiwake. Sasa mteja aje, aweke mkoba wake juu ya kimeza. Droo bado zimejaa na ujuzi uko palepale, ila skrubu hazina pa kukaa. Fundi hodari anaanza kufanya kazi kama yule wa kubahatisha. Na yule wa kubahatisha? Haathiriki sana, maana hakuwa akiitumia meza yote.

Hilo la mwisho ndilo lililothibitishwa maabara. Mwaka 2005 Sian Beilock na Thomas Carr, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo hesabu za aina hii: chukua 51, toa 19, kisha useme kama jibu linagawanyika kwa 4 bila kubaki kitu. Unapotoa unalazimika kukopa, unashika 32 kichwani, halafu unagawanya. Jibu ni ndiyo. Katika hali ya utulivu, wenye kumbukumbu tendaji kubwa waliwashinda wenzao waziwazi. Kisha likaja shinikizo, na hapa namwomba msomaji asome taratibu. Kila mwanafunzi aliambiwa kwamba amepangwa na mwenzake, na kwamba wote wawili watalipwa fedha iwapo kila mmoja ataongeza alama. Mwenzake, akaambiwa, amekwisha kufanya sehemu yake na ameongeza. Akishindwa yeye, wanakosa wote wawili.

Watafiti hawa hawakuwa wakifikiria ada, lakini wamemchora mtoto wa aliyeuza kiwanja. Mwenzako amekwisha kufanya sehemu yake, sasa ni zamu yako.

Matokeo yalikuwa kwamba katika maswali magumu, wenye kumbukumbu kubwa walishuka hadi kiwango cha wenye kumbukumbu ndogo. Wenye kumbukumbu ndogo hawakushuka. Utafiti uliofuata mwaka 2007 ulionyesha namna wale hodari walivyoshuka: waliacha hatua za kukokotoa wakashika njia za mkato, kwa mfano kudhani kwamba namba zote zikiwa shufwa, jibu ni ndiyo. Jaribu 52 toa 18, gawanya kwa 4. Zote ni shufwa, lakini 34 ukiigawanya kwa 4 inabaki 2. Njia ya mkato imekudanganya.

Anayetaka ukamilifu ana mzigo wa pili juu ya meza ileile. Kila mstari anaouandika anauhukumu papo hapo, na kuhukumu nako kunataka nafasi. Ndiyo maana kijana wetu anafuta. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: maswali ya kukumbuka tu, kama kutaja kanuni, anayapata, yenye hatua nyingi yanamshinda, na akirudi hosteli anayamaliza yote kwa dakika chache. Anayeshindwa mtihani kwa kutosoma haonyeshi mpangilio huo.

Meza inasafishwaje? Mwaka 2011 Beilock na Gerardo Ramirez walichapisha jaribio katika jarida la Science la Marekani. Wanafunzi walioandika kuhusu hofu zao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko waliokaa kimya, na katika darasa la biolojia walionufaika ni wale wenye hofu kubwa. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, lakini karatasi na kalamu havigharimu kitu. Andika kiwanja. Andika vikoba. Andika unachodhani baba atasema, kisha chana karatasi uingie.

Njia ya pili ina msingi imara zaidi. Swali lililorudiwa mara nyingi huacha kukokotolewa na huanza kuchotwa kwenye droo, na kilichomo kwenye droo hakidhuriwi na shinikizo. Kwa hiyo fanya mitihani iliyopita kwa saa ya ukutani, kwa kalamu ya wino, bila kufuta, hadi hatua za kutoa na kugawanya zijiendeshe zenyewe. Kama hofu inakunyima usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, mwone mshauri wa wanafunzi, kwa sababu hilo limevuka mambo ya mtihani.

Na nyinyi wazazi, nawaomba kitu kimoja. Wiki ya mtihani msipige simu kuuliza kama anakumbuka mlikotoka. Anakumbuka, na ndicho kinachomjazia meza. Kama lazima mpige, mwambieni kwamba kiwanja kimeshauzwa, hesabu yake imefungwa, na hakuna alama yoyote inayoweza kukifuta au kukirudisha.