Printa Inapovuta Karatasi Tano, au Ikakataa Hata Moja

Msimu wa mitihani ndio unaofichua printa mbovu. Mwenye duka la steshenari amepokea kazi ya shule, nakala mia mbili za karatasi ya maswali. Anabonyeza, kisha anageuka kumhudumia mteja mwingine. Akirudi anakuta karatasi tupu zimechanganyika na zilizochapwa, na nyingine tano zimekwama mdomoni mwa mashine kama kitabu. Anazichomoa, anaanza upya. Safari hii printa inanguruma, inahangaika, halafu inadai haina karatasi ilhali trei imejaa.

Kuvuta nyingi na kutovuta kabisa huonekana kama magonjwa mawili yasiyohusiana, lakini yote mawili huzaliwa sehemu moja ndogo: pale karatasi ya juu inapoachana na wenzake. Mtu akielewa kinachotokea hapo, mara nyingi ataitibu printa mwenyewe kwa kitambaa na maji.

Chukua printa ndogo ya leza, ile iliyozagaa maofisini na madukani. Juu ya karatasi zilizo kwenye trei kuna rola ya mpira, fupi na nene. Agizo la kuchapa likifika, rola inazunguka mara moja, inaikandamiza karatasi ya juu na kuisukuma ndani. Karani anayehesabu noti kwa kidole chenye unyevu hufanya kazi hiyohiyo: kidole kinaishika noti moja, nyingine zinabaki. Tatizo ni kwamba karatasi nazo hushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ile ya juu ikiondoka hutaka kuondoka na ya pili. Ndiyo maana chini ya rola kuna kipande kidogo cha mpira au cha gamba laini, kimesukumwa juu na springi. Mafundi hukiita pedi. Kazi ya pedi ni kuizuia karatasi ya pili isifuate.

Ili karatasi moja tu iingie, lazima rola iishike karatasi kwa nguvu kuliko pedi, na pedi iishike kwa nguvu kuliko karatasi zinavyoshikana. Mpangilio huo ukivurugika, hitilafu hujitambulisha yenyewe. Rola ikiwa dhaifu, hakuna kinachoingia. Pedi ikiwa dhaifu, zinaingia mbili au tatu. Karatasi zikishikana kupita kiasi, zinaingia kwa mafungu hata kama rola na pedi ni mpya.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi huanzia kwenye karatasi, kwani ndiyo sehemu rahisi kubadilisha. Toa zote zilizomo. Fungua rimu mpya, chukua karatasi kama thelathini, zikunje kidogo huku na huku na kuziachanisha kingo kwa kidole gumba, kisha uzigonge mezani hadi zilingane. Kuachanisha huko kuna sababu yake. Kiwandani karatasi hukatwa kwa kisu kikubwa zikiwa zimepangwa nyingi pamoja, na kisu kilichoanza kuwa butu huzibana kingo hata zikang'ang'aniana. Ziweke kwenye trei, sogeza vibanio vya pembeni hadi viguse karatasi bila kuzibana, kisha chapa kurasa kumi. Kama zote zimetoka moja moja, printa ni nzima na karatasi zako za awali ndizo zilizokuwa mbaya.

Ubaya huo mara nyingi ni unyevu. Rimu hufungwa kwa karatasi maalumu inayozuia unyevu, na ikishafunguliwa ulinzi huo umekwisha. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, hasa wakati wa masika, rimu iliyoachwa wazi hunywa hewa ya unyevunyevu. Kingo hunywa kwanza na kutanuka, katikati hubaki vilevile, na matokeo yake ni kingo zenye mawimbi unazoweza kuziona ukiinua rundo usawa wa macho. Karatasi za namna hiyo hushikana, hujikunja, na zikifika kwenye joto la printa hujikunja zaidi. Dawa yake ni kutoa kwenye trei karatasi zitakazolala bila kazi, kuzirudisha kwenye kifungashio chake na kukifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Sababu nyingine ni karatasi zinazotumiwa upande wa pili. Ofisi nyingi hufanya hivyo kubana matumizi, na hesabu yake inaeleweka. Lakini karatasi iliyokwisha kupita kwenye joto imejikunja, ina wino wa unga upande mmoja, na mara nyingine ina tundu la pini au pini yenyewe. Tundu huzifanya karatasi mbili zinasane. Pini huchana mpira wa rola na pedi. Mwenye kuzitumia azitenge kwa kazi za ndani, na asizichanganye na mpya ndani ya trei moja. Hata karatasi mpya zikiongezwa juu ya zilizobaki, pale mafungu mawili yanapokutana ndipo mara nyingi zinapovutwa mbili. Ni bora kutoa zilizobaki, kuzichanganya na mpya nje ya trei, kuzigonga zilingane, kisha kuzirudisha.

Uzito nao una lake. Trei ya printa nyingi ndogo za leza hukubali karatasi za gramu 60 hadi 163 kwa mita ya mraba, na za kawaida ni gramu 70 au 80. Nyepesi mno hushikana na kukunjamana. Kadi nene huishinda nguvu rola. Unaweza kuhakiki dai la kwenye kifungashio kwa mizani ya dukani: rimu ya A4 yenye karatasi 500 za gramu 80 huwa na uzito wa karibu kilo 2.5, na ya gramu 70 karibu kilo 2.2. Rimu iliyoandikwa 80 inayopima kilo mbili si ya gramu 80, au haina karatasi 500.

Kompyuta nayo inataka kuambiwa aina ya karatasi. Ndani ya "Printing Preferences" kuna sehemu ya aina ya karatasi, na chaguo la kawaida ni "Plain". Kwenye printa ya leza, chaguo hilo hubadilisha joto na mara nyingi mwendo wa kuchapa. Haliwezi kuipa rola iliyochakaa nguvu ya kushika. Kwa hiyo tazama karatasi imesimama wapi. Kama haijatoka kwenye trei, tatizo ni la uvutaji. Kama imefika ndani na kujikunja karibu na mahali pa kutokea, hapo ndipo ukague kama uliacha mpangilio wa kadi nene huku ukichapa karatasi nyepesi.

Kama hata karatasi za rimu mpya hazivutwi, zamu ya rola imefika. Adui wake ni vumbi jeupe. Karatasi za siku hizi hujazwa kalisi kabonati, unga wa jamii ya chokaa, ili ziwe nyeupe na laini. Unga huo pamoja na nyuzi ndogo hukaa juu ya mpira kidogo kidogo. Rola nzima huwa haing'ai na ukiigusa inashika. Iliyochafuka hung'aa na kuteleza.

Zima printa, chomoa waya wa umeme, na uiache ipoe kama nusu saa, kwa kuwa sehemu inayoyeyusha unga wa wino huwa na moto mkali. Toa katriji na uifunike kwa kitambaa kizito, kwani ngoma iliyomo ndani huharibiwa na mwanga. Tafuta rola ya kuvutia karatasi, juu ya mahali trei inapoishia. Katika printa nyingi ndogo huwa na umbo la nusu mwezi na imeshikiliwa na vibanio viwili vya plastiki, ikiruhusu, ichomoe. Jihadhari na rola nyeusi ndefu iliyo kama sponji, ambayo hukaa chini ya katriji. Hiyo haivuti karatasi, na mafuta ya vidole yakiigusa, chapa itatoka na madoa. Iache.

Lowesha kitambaa kisichoacha nyuzi kwa maji ya uvuguvugu, kikamue vizuri, kisha usugue mpira wote kwa kuuzungusha. Geuza kitambaa kila upande wake unapochafuka, mpaka kisitoe weusi wala weupe. Kama maji hayatoshi, tumia spiriti kidogo. Usiizoee, kwa maana huukausha mpira. Petroli na tina zisikaribie kabisa. Futa pedi vivyo hivyo, acha vyote vikauke kwa dakika kumi au zaidi, kisha rudisha bila kugusa mpira kwa vidole.

Turudi kwa yule mwenye steshenari, tumfuate hatua kwa hatua. Anaweka karatasi za rimu mpya: mafungu ya tano tano yanakoma, kumbe rimu yake ya zamani ilinywa unyevu. Lakini kila baada ya kurasa chache printa inakosa kuvuta. Anasafisha rola, na sasa inavuta kila mara. Furaha yake inakatizwa na jambo jipya: karatasi mbili mbili zinaanza kuingia, ingawa ni mpya na kavu. Wengi hapa hudhani wameharibu kitu. Ukweli ni kwamba rola imepata nguvu yake, na pedi iliyokwisha kulika haiwezi kushindana nayo. Uchafu wa rola ulikuwa ukiuficha uchakavu wa pedi. Akiitazama pedi kwa tochi anaona mfereji laini katikati, mahali karatasi zilipopita maelfu ya mara. Pedi ya namna hiyo haisafishiki ikapona. Inabadilishwa, na ni vizuri ibadilishwe pamoja na rola yake, kwani vyote viwili vimezeeka kwa kazi ileile.

Kuna watu wanaokwaruza rola kwa msasa ili ishike tena. Itashika kwa siku kadhaa, lakini mpira unapungua na kupoteza umbo, kisha inaanza kuvuta karatasi upande upande. Fanya hivyo tu kama kipuri kiko njiani na kazi haingoji.

Yapo pia ambayo kitambaa hakiyawezi. Agiza chapa moja huku ukitazama na kusikiliza. Rola ikizunguka lakini karatasi haisogei, ni mpira. Rola isipozunguka kabisa ilhali injini inanguruma, hitilafu iko kwenye gia au kwenye sumaku ndogo inayoiachia rola ianze kazi, na hapo mwite fundi. Mweleze hasa ulichokiona: ulijaribu karatasi gani, rola ilizunguka au haikuzunguka, na karatasi ilisimama wapi. Akikuambia ununue printa mpya kabla ya kuitazama rola na pedi, tafuta fundi mwingine.