Ada Moja Badala ya Tatu

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Ujerumani aweza kupata fedha kwa njia mbili: ufadhili unaolipwa kwa yuro, na msaada wa nyumbani unaoanza kwa shilingi. Ufadhili uingie kwenye akaunti ya yuro ya hukohuko. Ukipitia akaunti ya shilingi Dar es Salaam, utabadilishwa mara mbili na kukatwa kila mara.

Msaada wa nyumbani nao usitumwe kidogokidogo. Tuseme benki inatoza yuro 25 kila inapotuma. Baba akituma yuro 100 kila mwezi, kwa miezi mitatu ada ni 75. Akituma 300 kwa mkupuo mmoja, ni 25. Kwenye fomu akichagua SHA, benki za kati zinaweza kumega njiani. Akichagua OUR, ada zote analipa yeye.